Kiti Kitupu cha Jumamosi: Jinsi Saluni ya Miadi Inavyoweza Kumpata Mteja Asiyetokea

Ni Jumamosi, saa 3 asubuhi, katika saluni yoyote ya kusuka pale Sinza, Dar es Salaam. Msusi amefika mapema, pakiti za rasta zimechanwa na kunyooshwa, kiti kimefutwa. Mteja aliyebuki tangu Jumatatu hajafika. Saa 3 na nusu anapigiwa simu, anajibu kwa sauti ya usingizi, "Nipo njiani dada." Saa 4 na nusu simu inaita mpaka inakatika. Saa 5 namba haipatikani. Katikati ya hayo, wateja wawili waliopita kuulizia nafasi wamejibiwa kwamba leo pamejaa.

Wenye saluni wanaijua hasara hii vizuri, ila wengi wanaichukulia kama bahati mbaya ya biashara, au tabia ya Waswahili isiyo na dawa. Dawa ipo, na ina sehemu tatu: kianzio, ujumbe wa kukumbusha, na kanuni ya kughairi inayoeleweka. Tatizo ni kwamba wengi huanza na kianzio peke yake, wakakiweka kama adhabu, kisha wakashangaa wateja wanakimbia na viti bado vinabaki wazi. Sehemu zote tatu zina kazi moja tu, nayo ni kumfanya mteja aseme mapema kwamba hatakuja. Kiti kinachojulikana tangu jana kuwa ni kitupu kinaweza kuuzwa tena. Kiti kinachogundulika kitupu saa 4 asubuhi kimeshaharibika.

Kwa nini hawatokei

Ukikaa mapokezi mwezi mmoja ukasikiliza sababu, utaona wasiotokea si watu wa aina moja. Wapo waliosahau kabisa. Walibuki wiki mbili kabla, siku zikapita, na miadi ikazama chini ya meseji nyingine mia.

Wapo waliokumbuka lakini wameona aibu kusema. Pesa aliyoitegemea haijaingia, au mume amebadilisha safari, au shoga yake amejitolea kumsuka nyumbani. Kumwambia msusi "sitakuja" kunamwia vigumu, basi anasema "nakuja" ili mazungumzo yaishe. Huyu hana nia mbaya. Anatafuta njia ya kutoka bila kugombana, na saluni haijampa njia hiyo.

Halafu wapo waliobuki saluni mbili au tatu kwa siku moja, hasa wiki ya Idi, wiki ya Krismasi na mwisho wa mwezi, wakisubiri kuona wapi watawahi kukaa. Kwao miadi haina gharama yoyote, kwa hiyo wanaikusanya.

Aliyesahau anahitaji kukumbushwa. Mwenye aibu anahitaji mlango rahisi wa kughairi. Anayekusanya miadi anahitaji kuweka kitu mezani. Ukimtoza kianzio aliyesahau bila kumkumbusha, utakula pesa yake na kumpoteza. Ukimtumia ujumbe anayekusanya miadi bila kianzio, atajibu "sawa mpenzi" kwa saluni zote tatu.

Kwanza hesabu, ndipo uamue

Kabla ya kubadilisha chochote, chukua daftari na kwa wiki nne uandike alama moja mbele ya kila jina: alikuja, alichelewa, alighairi mapema, hakutokea. Pembeni weka aina ya kazi, siku, na kama mteja ni mgeni au wa zamani. Wiki nne zinatosha kwa sababu zinapita kwenye mwisho wa mwezi mmoja, ambapo mambo hubadilika.

Tuchukue saluni ya mfano yenye wasusi watatu, kila mmoja akiwa na kazi moja ndefu kwa siku, yaani rasta ndogo zinazochukua saa sita hivi. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni miadi 78 ndefu kwa mwezi. Bei ya kichwa ni shilingi 60,000. Ndani yake, 15,000 ni pakiti za nywele, 20,000 ni ujira wa msusi anayelipwa kwa kichwa, na 25,000 ni ya saluni, ambayo inalipa pango, umeme, maji na faida.

Mteja asipotokea, pakiti zinarudi kabatini na kusukia kichwa kingine. Hasara halisi basi ni 45,000: msusi amepoteza 20,000 yake na saluni 25,000 yake. Wasipotokea wateja 12 kwa mwezi, hasara ni shilingi 540,000. Kati ya hiyo, 240,000 imetoka mfukoni mwa wasusi. Wenye saluni wengi husahau sehemu hii. Msusi anayelala na njaa kila Jumamosi mbili kwa sababu ya wateja wa "nipo njiani" ndiye anayehamia saluni ya jirani, na akihama anaondoka na wateja wake.

Daftari litakuonyesha jambo jingine: wasiotokea hawajasambaa sawasawa. Katika saluni nyingi utawakuta wamejaa kwenye kazi ndefu, siku za Ijumaa na Jumamosi, na kwa wateja wapya waliokuja kupitia Instagramu. Mteja wa kucha za jeli wa Jumanne mchana ambaye umemhudumia miaka mitatu hahitaji kianzio. Kumdai ni kumtukana.

Kianzio kiwe kiasi gani

Kosa la kwanza ni kukiweka kidogo mno. Mwaka 2000 wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwenye vituo 10 vya kulelea watoto mchana mjini Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuchukua watoto. Vituo sita vikaanza kutoza faini ndogo kwa kila uchelewaji. Badala ya kupungua, waliochelewa wakaongezeka hadi karibu maradufu, na hata faini ilipofutwa hawakurudi kwenye hali ya zamani. Mwanzoni mzazi alikuwa akiona haya kumkalisha mwalimu. Faini ilipokuja, uchelewaji ukawa huduma yenye bei, na bei ilikuwa nafuu.

Kianzio cha shilingi 3,000 kwenye kichwa cha 60,000 kinafanya kazi hiyohiyo. Mteja akiamka na uvivu atajiambia, "Wacha iende, ni elfu tatu tu," na hata simu hatapiga, maana anahisi ameshalipia ruhusa ya kutotokea.

Kosa la pili ni kukiweka kikubwa mno. Anayeambiwa alipe nusu au bei yote kwa saluni asiyoijua anafikiria utapeli, na ana sababu: kurasa za kughushi zinazopokea pesa ya miadi kisha kutoweka si jambo geni mtandaoni.

Katikati kuna kipimo kizuri: kianzio kilingane na ujira wa msusi kwa kazi hiyo. Kwenye mfano wetu ni 20,000, theluthi moja ya bei. Kiasi hiki kinauma kukipoteza lakini hakitishi kukitoa. Pia kinaelezeka. Mapokezi anaweza kusema bila kigugumizi, "Hii ni ya dada atakayekusuka, maana siku hiyo hatachukua kichwa kingine." Na iwe kweli: kianzio kikipotea, apewe msusi siku hiyohiyo. Wasusi wakijua hivyo, watakuwa wa kwanza kuilinda kanuni badala ya kuivunja kwa kubuki marafiki zao kimyakimya.

Kipimo hiki kina nguvu hata kisheria. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania kinasema pale mkataba ulipotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, aliyeumizwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kwa maneno mengine, kutaja kiasi kikubwa hakukupi haki ya kukichukua chote bila kujali umepoteza nini. Anayeshikilia 20,000 kwa sababu msusi amekosa 20,000 ana la kusema. Anayeshikilia 60,000 nzima huku pakiti ziko kabatini hana.

Kazi za bibi harusi ni sura nyingine. Hapo saluni hufunga siku nzima, huenda nyumbani au hotelini, na mara nyingi hununua nywele maalumu zisizouzika kwa mwingine. Nusu ya bei, pamoja na gharama yote ya nywele hizo, ni ya haki, na iandikwe kwenye karatasi ya makubaliano yenye tarehe.

Kudai pesa bila kumfukuza mteja

Jinsi ya kulipwa ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Ukimpa mteja mpya namba ya simu binafsi, na jina linalotokea ni la mtu asiyemjua, atasita. Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la saluni inaonyesha jina hilo kabla hajaweka namba ya siri, na hapo wasiwasi unapungua. Mtumie namba pamoja na jina litakalotokea, ili alilinganishe mwenyewe.

Upande wa saluni, usithibitishe miadi kwa picha ya ujumbe wa malipo aliyokutumia mteja. Picha hutengenezwa. Angalia muamala kwenye simu yako au menyu yako ya biashara, ndipo uandike jina kwenye daftari. Na mpaka hapo, kiti bado hakijauzwa. Mwambie wazi: "Nafasi tutaishikilia mpaka saa 2 usiku. Ukilipa tu, ni yako." Miadi inayoning'inia bila malipo wala mwisho ndiyo inayozaa ugomvi.

Siku za mwanzo utaulizwa maswali. Mazungumzo ya kawaida huenda hivi:

"Yaani dada, tumefikia hapo? Hamniamini?"

"Hapana mpenzi, ni utaratibu wetu wa kazi ndefu, kwa kila mtu. Hiyo elfu ishirini haipotei, inakatwa kwenye bei. Ukija Jumamosi unamalizia arobaini tu."

"Na nikipata dharura?"

"Ukituambia kabla ya Ijumaa saa sita mchana, tunakurudishia yote au tunakuhamishia siku nyingine. Chagua wewe."

Majibu mawili yametosha: pesa ni sehemu ya bei, na mlango wa kutoka upo. Mteja wa kweli akisikia hayo mara nyingi hulipa. Anayekusanya miadi huishia hapo, na kwa saluni hiyo si hasara. Ila zingatia idadi. Kwenye daftari andika pia walioulizia wakakoma baada ya kutajiwa kianzio. Ikiwa walioulizia walikuwa kumi na sasa ni watatu tu wanaofikia kulipa, na viti vinabaki wazi siku za katikati ya wiki, kiasi ni kikubwa kwa eneo lako au umekiweka kwenye kazi zisizokihitaji. Kiondoe Jumatatu hadi Alhamisi, kibaki Ijumaa na Jumamosi.

Ujumbe uende lini, useme nini

Kukumbusha kunafanya kazi, na hilo limepimwa, ingawa upimaji mkubwa umefanyika hospitalini na si saluni. Mapitio ya taasisi ya Cochrane ya mwaka 2013, yaliyokusanya tafiti za ujumbe wa simu kwa wagonjwa wenye miadi, yalikuta kwamba kati ya wagonjwa 100 wasiokumbushwa walihudhuria takriban 68. Waliotumiwa ujumbe walihudhuria takriban 79, na waliopigiwa simu 80. Ujumbe mfupi, kwa hiyo, ulikaribia kabisa nguvu ya simu ya mdomo kwa gharama ndogo zaidi. Lakini tazama pia upande wa pili: hata baada ya kukumbushwa, watu 20 hivi kati ya 100 hawakuja. Hao si waliosahau. Ndio maana ujumbe peke yake hautoshi.

Jambo linaloharibiwa zaidi ni saa ya kutuma. Saluni nyingi hutuma usiku wa kuamkia siku ya miadi, huku kanuni yao inasema mwisho wa kughairi ni mchana wa siku hiyo. Mteja anakumbushwa wakati mlango umeshafungwa. Akisema ukweli anapoteza pesa, basi ananyamaza. Ujumbe wa kwanza lazima umfikie wakati bado anaweza kughairi bila kuumia.

Kwa miadi ya Jumamosi saa 3 asubuhi, ratiba inayofaa ni hii. Ujumbe wa kwanza uende Alhamisi saa 1 jioni, watu wakiwa wametoka kazini na simu iko mkononi. Asiyejibu apigiwe Ijumaa saa 4 asubuhi. Mwisho wa kughairi ni Ijumaa saa 6 mchana. Ujumbe wa pili uende Ijumaa saa 12 jioni, na huu hauulizi tena kama atakuja. Unamwambia tu aje vipi.

Ujumbe wa Alhamisi unaweza kuandikwa hivi:

> Habari dada Rehema. Kiti chako ni Jumamosi saa 3 asubuhi (9:00), rasta ndogo, na dada wa kukusuka ameshapangwa. Tafadhali jibu: 1 naja, 2 naomba kuhamisha, 3 sitaweza. Ukijibu kabla ya kesho Ijumaa saa 6 mchana, kianzio chako cha 20,000 kipo salama. Asante.

Kila sehemu ya ujumbe huo ina sababu yake. Saa imeandikwa kwa namna mbili kwa sababu simu inaonyesha 9:00 na mdomo unasema saa 3, na wapo wateja waliofika saa 9 alasiri wakiapa hawajakosea. Namba tatu zinampa mwenye aibu njia ya kutoka bila kueleza lolote. Anabonyeza 3, basi. Usimuulize kwa nini. Mjibu, "Asante kwa kutujulisha mapema, pesa yako inarudi leo," na umrudishie siku hiyohiyo. Aliyeghairi vizuri na kurudishiwa haraka anarudi kubuki. Aliyehojiwa hatathubutu tena kusema ukweli.

Ujumbe wa Ijumaa jioni uwe wa maandalizi: aje na nywele zilizofumuliwa, zimeoshwa na kukaushwa, na alama ya kufikia saluni itajwe, kituo gani cha daladala na duka gani la jirani. Mteja anayefika na nywele hazijafumuliwa anakula saa mbili za msusi na kumsukuma mteja wa mchana, naye akiona amesubiri sana ataondoka.

Kwa saluni ndogo, programu ya bure ya WhatsApp Business inatosha. Ina majibu ya haraka unayoyahifadhi, ukiandika alama ya `/` na neno fupi kama `/kumbusho` maandishi yote yanatokea, unabadilisha jina na saa tu. Ina pia lebo za rangi za kuwapanga wateja: amelipa, hajajibu, anasubiri nafasi. Weka kengele ya simu ya saa 1 jioni kila siku, na mtu mmoja, si wote, awe na kazi hiyo. Usitegemee ujumbe wa kundi la matangazo kwa wateja wapya, kwa kuwa unamfikia tu aliyehifadhi namba yako.

Angalia alama za ujumbe. Tiki moja maana yake haujafika: simu imezimwa au bando limekwisha. Ikibaki tiki moja mpaka asubuhi, tuma meseji ya kawaida, halafu piga. Usihesabu kwamba umemkumbusha mtu ambaye ujumbe haukumfikia, na usimkate kianzio mtu huyo bila kwanza kutazama hilo.

Kanuni inayosomeka kwa dakika moja

Kanuni ndefu haisomwi, na isiyosomwa haimbani mtu. Hii ya saluni yetu ya mfano inatosha kubandikwa ukutani, kutumwa pamoja na namba ya malipo, na kusomwa kwa sauti kwa asiyependa kusoma:

> 1. Kazi ndefu ya Ijumaa na Jumamosi, na ya mteja mpya siku yoyote, ina kianzio cha 20,000. Kinakatwa kwenye bei.
> 2. Ukighairi kabla ya saa 6 mchana wa siku moja kabla, tunakurudishia yote siku hiyohiyo, au tunakihamishia siku nyingine.
> 3. Ukighairi baada ya hapo, au usipotokea, kianzio ni cha msusi.
> 4. Ukichelewa zaidi ya dakika 30, tutakusuka mtindo mfupi zaidi au tutakupa siku nyingine.
> 5. Sisi tukishindwa kukuhudumia kwa saa yako, unarudishiwa yote.

Kwa nini saa 6 mchana na si "saa 24 kabla"? Kwanza, haihitaji hesabu. Pili, inafuata kazi yenyewe. Anayechukua nafasi iliyoachwa anahitaji jioni nzima ya kufumua nywele za zamani, kuosha na kukausha. Ukipata habari usiku wa Ijumaa, hata mwenye hamu hawezi kuwa tayari Jumamosi saa 3. Kwa kucha, ambazo mtu anaweza kuja kama alivyo, mwisho wa saa tatu kabla unatosha na kianzio si lazima. Kila kazi ipewe muda kulingana na jinsi kiti chake kinavyojazika.

Kanuni ya tano ndiyo wenye saluni wengi huiruka, na kuiruka kunaua nyingine zote. Mteja aliyelipa kianzio, akafika saa 3 kamili, akamkuta mwingine kwenye kiti na kuambiwa "subiri kidogo dada" mpaka saa 6, hatakubali tena kusikia habari ya kanuni. Saluni inayodai kianzio haiwezi kuendelea kumpandisha mtu juu ya mtu. Umeme ukikatika na kazi inahitaji draya, au msusi akiugua, simu ipigwe kabla mteja hajatoka nyumbani, na makato ya kumrudishia pesa yabebwe na saluni.

Kisha kuna misiba. Hakuna kanuni ya saluni itakayoshinda msiba, na mwenye saluni anayeomba ushahidi wa msiba atasemwa mtaa mzima, kwa haki. Njia inayofaa ni kuamua mapema: kwa msiba au ugonjwa, kianzio kinahamishwa mara moja bila maswali, hata kama taarifa imekuja asubuhi hiyohiyo. Akihamisha mara ya pili kwa sababu hiyohiyo, alipe upya. Anayedanganya atafaidika mara moja tu, na mkweli hatadhalilishwa. Ruhusa hiyo iwe kwa watu wote, iandikwe kwenye daftari la mapokezi, isitegemee nani anafahamiana na nani.

Kukijaza kiti kilichoachwa

Taarifa ya mapema haina thamani kama hakuna wa kuipokea. Kila anayeulizia Jumamosi akakuta pamejaa aulizwe, "Nikupigie nafasi ikipatikana?" Akikubali, apewe lebo ya anasubiri nafasi, pamoja na mtindo anaoutaka na anapokaa. Mtu wa Mwenge au Manzese anaweza kufika Sinza haraka kuliko wa Mbagala. Ijumaa saa 6 mchana, kiti kikiachwa, wapigiwe kwa mfuatano, mmoja mmoja, kila mmoja na dakika 15 za kuamua. Ukiwatumia wote kwa pamoja, wawili watajibu ndiyo na utakuwa umejitengenezea ugomvi mpya. Orodha ikiisha, ndipo uweke nafasi kwenye stetasi.

Turudi kwenye hesabu. Tuseme baada ya miezi miwili, kati ya miadi 78, wasiotokea wamebaki 4. Wasusi wao wamelipwa kutoka kwenye vianzio, saluni imekosa 25,000 mara nne, yaani 100,000. Walioghairi mapema wamekuwa 5, viti 3 vimejazwa, na 2 vimebaki wazi kwa hasara ya 45,000 kila kimoja, yaani 90,000. Jumla ni 190,000 badala ya 540,000. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo haikutokana na pesa za vianzio, ambazo ni 80,000 tu. Imetokana na wateja waliokuja, na wengine waliokaa kwenye viti vilivyoachwa.

Utaratibu huu haufai kila mahali. Kinyozi wa foleni, au saluni ambayo wateja huingia wakipita, haina miadi ya kulinda, na kianzio huko kitakuwa kero. Hata kwenye saluni ya miadi, mteja wa zamani aachiwe bila kianzio mpaka siku atakapokosa bila taarifa. Kuanzia hapo aingie kwenye utaratibu wa wote, na aambiwe kwa upole, yeye peke yake, si mbele ya wengine.

Mwisho wa kila mwezi fungua daftari na ulinganishe safu mbili: walioghairi mapema na wasiotokea. Utaratibu ukienda vizuri, safu ya kwanza huongezeka huku ya pili ikipungua, na vianzio vinavyopotea huwa vichache. Ukikuta vianzio vilivyopotea vimekuwa vingi na mapokezi anajisifu kwa hilo, usifurahi. Angalia ujumbe unatumwa saa ngapi, na mteja wa mwisho aliyejibu 3 alirudishiwa pesa yake baada ya muda gani.